Asilimia 108 ya wajawazito: anza kwa kuuliza nani yumo kwenye namba ya chini

Wewe uliyeanza kazi ya takwimu wilayani mwezi huu, kuna siku utafungua ripoti ya robo ukute zahanati imepima VVU asilimia 108 ya wajawazito wake. Usiifute, wala usiandike 100 mahali pake. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika 100, na kwa kufanya hivyo nikawafunika wanawake ambao hawakupimwa kabisa.

Nikueleze jinsi namba hiyo inavyozaliwa. Tuseme rejesta ya wajawazito ina hudhurio la kwanza 240 kuanzia Januari hadi Machi. Hiyo ndiyo namba ya chini, na imechujwa kwa tarehe ya hudhurio la kwanza. Namba ya juu, yaani vipimo vya VVU, ni 259, nayo imechujwa kwa tarehe ya kipimo. Ukiwa kwenye Eksel vichujio vyote viwili vinasomeka "Januari hadi Machi", kwa hiyo macho yanaridhika. Lakini ni tarehe mbili tofauti, na zinachagua watu tofauti. 259 kwa 240 ni asilimia 107.9.

Ukizifungua zile 259 mstari kwa mstari, utakuta 23 ni vipimo vya marudio, vile vya miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mama ni yuleyule ila kahesabiwa kwa kipimo chake cha pili. Wengine 14 walianza kliniki Desemba, vitendanishi vikawa vimeisha, wakapimwa Januari. Hao ni wa robo iliyopita. Wanabaki 222 walio kweli miongoni mwa wale 240, na asilimia inashuka hadi 92.5.

Sasa angalia kilichojitokeza: wanawake 18 wa robo hii hawana kipimo. Rudi kwenye rejesta uwasome. Katika mfano wetu, 11 walikuja wakijua tayari kwamba wanaishi na VVU, kwa hiyo hawakuhitaji kupimwa upya. Hao waondolewe kwenye namba ya chini, na usisahau kuhakikisha kwamba hawamo kwenye ya juu. Unapata 222 kwa 229, asilimia 96.9. Wanaobaki ni 7. Hao 7 ndio wa kumpelekea muuguzi wa kliniki, kwa sababu mtoto wa mama asiyepimwa anaweza kukosa dawa za kinga ambazo angezipata.

Ili jambo hili lisijirudie, acha kuhesabu juu na chini kwa maswali mawili. Chuja watu mara moja tu, kisha ndani ya kundi hilohilo uhesabu waliopimwa:

```sql
SELECT COUNT(*) AS chini,
       COUNT(kipimo_1) AS juu
FROM wajawazito
WHERE hudhurio_1 BETWEEN '2023-01-01'
                     AND '2023-03-31'
  AND hali_ilijulikana = 0;
```

Hapa `COUNT(kipimo_1)` inahesabu mistari yenye tarehe ya kipimo cha kwanza pekee, hivyo juu haiwezi kuizidi chini. Sharti ni kwamba jedwali liwe na mstari mmoja kwa kila mama. Jedwali likiwa na mstari kwa kila hudhurio, mama mmoja atahesabiwa mara tatu au nne, juu na chini pia, na asilimia haitakupa dalili yoyote. Amua pia mapema mtafanya nini na aliyehudhuria Machi 30 akapimwa Aprili 4: mnamhesabu kuwa amepimwa, au mnafunga hesabu Machi 31? Yote mawili yanakubalika, mradi uandike uamuzi wako chini ya jedwali na zahanati zote zifuate kanuni ileile.

Dawa hii haitibu kila asilimia inayopita mia. Kwenye chanjo, namba ya chini mara nyingi ni makadirio ya watoto kutokana na sensa, na akina mama wa wilaya jirani huwaleta watoto wao kwenye kituo chako. Hapo juu na chini hazitoki kwenye orodha moja, na kubadilisha kichujio hakutasaidia.

Kinachonisumbua zaidi ni zahanati isiyopita mia. Chukua nyingine yenye hudhurio la kwanza 150 na vipimo 144. Asilimia 96, kila mtu anaipitisha. Ukifungua mistari unakuta vipimo 31 ni vya marudio. Waliopimwa ni 113, asilimia 75.3. Kosa ni lilelile, ila huku waliopimwa ni wachache kiasi kwamba marudio hayakuivusha asilimia mia, na kosa likajificha. Kwa hiyo ukishagundua kichujio kimekosewa kwa ile ya 108, hesabu upya zahanati zote zilizotumia fomula ileile, ukianza na zile zenye 90 na kitu.