Kigasha Kinachonyongeka na Kiwiko Kinachovimba: Upana wa Uzito Katika Kuvisha Mifupa Ngozi

Mhusika ninayemtumia mara nyingi kuwaelekeza vijana wanaojifunza uhuishaji wa pande tatu hapa Mwanza ni mvuvi wa dagaa, anayepiga kasia kuelekea Ukerewe na kisha kuvuta wavu. Kazi zake mbili zinaupima mkono kwa namna mbili tofauti. Kasia linataka kiwiko kikunjwe, na wavu unataka kiganja kigeuzwe, yaani kigasha, sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisokotwe juu ya mhimili wake. Ushauri wangu kuhusu njia mbili kuu za kuvisha mifupa ngozi, yaani kuifanya ngozi ya mhusika ifuate mifupa yake, unatokana na mkono huo mmoja.

Njia ya kwanza, ya uchanganyaji wa mstari, ndiyo inayotumika kwa kawaida katika programu nyingi. Kila kipeo, yaani nukta ya uso wa ngozi, kina uzito kwa kila mfupa unaokivuta. Kompyuta hukokotoa mahali ambapo kila mfupa peke yake ungekipeleka kipeo hicho, kisha huchukua wastani wa mahali hapo kwa kufuata uzito, ambapo v ni kipeo, M ni mwendo wa kila mfupa na w ni uzito wake:

```
v' = w1*(M1*v) + w2*(M2*v)
```

Kasoro yake imo katika kuchukua wastani wa mahali. Mfupa unapozunguka, kipeo kinapaswa kufuata tao la duara, lakini wastani wa ncha mbili za tao huangukia kwenye mstari mnyoofu unaoziunganisha, na mstari huo hupita ndani ya duara. Kwa kipeo kinachogawana uzito nusu kwa nusu, umbali wake kutoka kwenye mhimili huzidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe. Msokoto wa digrii 60 huacha asilimia 87 ya umbali huo, wa digrii 120 huacha nusu tu, na ukifika digrii 180 vipeo vyote vya mzingo huo hukutana kwenye nukta moja, kigasha kikawa kama nguo inayokamuliwa. Kiwiko nacho hupotewa na ujazo kwa sababu hiyo hiyo, isipokuwa kwamba upungufu wake huonekana kama ncha iliyobonyea upande wa nje.

Njia ya pili hutumia kwatenioni pacha, namba zinazobeba mzunguko na uhamisho wa mfupa kwa pamoja, na Ladislav Kavan na wenzake ndio walioifanya itumike kwa urahisi katika kazi za papo kwa papo kwa makala yao ya mwaka 2007. Hapa kinachochanganywa ni mienendo ya mifupa yenyewe, nayo hutoa mwendo mmoja mgumu, wenye mzunguko na uhamisho tu, ambao ndio unaokisogeza kipeo. Kwa kuwa mwendo wa namna hiyo haubadilishi umbali, kigasha kilichosokotwa hubaki na unene wake. Kwa msokoto siioni hoja ya kuikataa, mradi tofauti kati ya mifupa miwili isivuke digrii 180, kwa sababu ikivuka, hesabu huchagua njia fupi ya upande wa pili na ngozi hugeuka ghafla kati ya fremu mbili. Mifupa inayorefushwa au kunenepeshwa pia huhitaji hesabu ya ziada, kwani kwatenioni pacha haibebi ukubwa.

Tatizo lake liko kwenye kiwiko, na hapa ndipo watu wengi huilaumu njia ilhali kasoro inatokana na uzito walioupaka. Tuchukue mkono wenye nusu kipenyo cha sentimita 4. Kiungo kiko katikati, na uzito wa kigasha unapanda taratibu kutoka 0, sentimita 6 kabla ya kiungo, hadi 1, sentimita 6 baada yake. Kiwiko kinakunjwa digrii 90. Sasa tukitazame kipeo cha upande wa nje kilicho sentimita 3 kabla ya kiungo, upande wa mkono wa juu. Uzito wake wa kigasha ni robo, na umbali wake kutoka kwenye kiungo ni sentimita 5. Kwatenioni pacha inakizungusha karibu digrii 22 kukizunguka kiungo bila kuupunguza umbali huo, na kwa sababu hiyo kinapanda kutoka kimo cha sentimita 4 hadi karibu 4.8 juu ya mstari wa mfupa. Mkono wa juu haujasogea hata kidogo, lakini ngozi yake imevimba kwa takriban milimita 8. Uchanganyaji wa mstari ungekishusha kipeo hicho hicho hadi 3.75.

Uvimbe huo unategemea umbali wa kipeo kutoka kwenye kiungo kwa kufuata mfupa, ukilinganishwa na unene wa mkono. Tukiufinya ukanda wa mpito, ambamo uzito unapanda, hadi sentimita 2 kila upande, kipeo chenye uzito wa robo kitakuwa sentimita 1 tu kabla ya kiungo, na kitainuka kwa takriban milimita 1, kiasi ambacho jicho halikioni. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ramani ya uzito iliyopakwa kwa ajili ya njia moja isihamishiwe njia nyingine bila kurekebishwa. Kwa uchanganyaji wa mstari tunapaka ukanda mpana ili kusambaza mbonyeo, na upana huo huo ndio unaozaa uvimbe tukibadilisha njia. Ukanda mwembamba nao una gharama yake, kwa kuwa upande wa ndani wa kiwiko hujikunja kwa ukali na ngozi yaweza kupenyana; kwa hiyo punguza kidogo kidogo huku kiwiko kikiwa kimekunjwa, na ukitazame kutoka ubavuni. Mbonyeo kwenye ncha ya kiwiko ni dalili ya mstari, na kigongo kinachoanza kabla ya kiungo, mahali ambapo mfupa haujapinda, ni dalili ya kwatenioni.

Mkono mmoja unaweza kutumia njia zote mbili, na kwa mvuvi wangu hilo ndilo lililotoa umbo bora zaidi. Katika Blender naweka virekebishi viwili vya `Armature`: cha kwanza cha kawaida, na cha pili chenye `Preserve Volume`, ambayo ndiyo njia ya kwatenioni pacha, pamoja na `Multi Modifier` na kundi la vipeo linalofunika kigasha na kuisha kabla ya kiwiko. Anayetumia Maya atapata uchaguzi huo kwa jina la `Weight Blended`.

Yote haya yanafaa video. Mhusika akipelekwa kwenye mchezo wa simu kwa muundo wa glTF 2.0, alama ya `Preserve Volume` haisafiri naye, kwa kuwa muundo huo unaeleza uvishaji wa mstari pekee, na kigasha kilichokuwa kizima kwenye kompyuta kitanyongeka kwenye simu. Hapo nashauri msokoto ugawanywe. Mfunge mhusika kwenye mifupa yake huku kidole gumba kikitazama juu, ili mzunguko wote wa kiganja wa karibu digrii 160 ugawanyike kuwa 80 kila upande. Mahali ambapo ingebaki asilimia 17 ya unene itabaki 77. Kisha ongeza mfupa mmoja wa msokoto katikati ya kigasha, uupe `Copy Rotation` ya mfupa wa kiganja kwa mhimili wa Y pekee, katika `Local Space`, na `Influence` ya 0.5. Kila hatua sasa itabeba digrii 40, na unene utakaobaki ni asilimia 94. Kabla ya kumtoa mhusika, geuza mwendo wa mfupa huo kuwa fremu muhimu, kwa sababu glTF haibebi masharti ya mifupa, na mfupa usio na fremu zake utabaki umesimama huku kiganja kikigeuka.