Kipande kidogo cha picha, kundi zima la heroe: mambo niliyojifunza kwenye kuhesabu

Wewe unayeanza kushiriki hesabu ya ndege wa majini, ile inayofanyika kila Januari, kuna siku utapewa picha ya kundi la heroe na kuambiwa utoe idadi. Heroe ndio hao wengi tunaowaita flamingo. Utaambiwa hesabu kipande kidogo, kisha zidisha kwa ukubwa wa kundi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha nje jambo linaloamua kila kitu, yaani kipande chenyewe kinatoka wapi.

Nitatumia picha moja niliyoipiga asubuhi kwenye Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Maji yake ni ya magadi, na heroe wadogo huja kula vijimea vidogo sana vinavyoota humo. Nilisimama kwenye mwinuko kando ya barabara, jua likiwa mgongoni, na kundi lote likaingia kwenye picha moja. Nyumbani niliifungua kwenye ImageJ, programu ya kuchambua picha, nikachora gridi kwa `Analyze > Tools > Grid`, nikaweka `Area per point` kuwa 62500. Hiyo inakupa miraba ya pikseli 250 kwa 250. Nikazungushia kundi mstari, nikahesabu miraba iliyomo ndani yake: 120.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilichagua mraba mmoja uliojaa vizuri, ndege wake wakionekana waziwazi, nikahesabu 52. Mara 120, nikapata 6,240. Mzee aliyekuwa akitusimamia aliitazama namba, akaniuliza, "Mwanangu, mraba huu umeuchagua kwa nini?" Nikamjibu kwamba ndio uliokuwa na ndege wengi wa kutosha kuhesabika. Akaninyoshea kidole kwenye mraba mwingine, wa mbele karibu na ukingo. "Na huu je?" Nikahesabu: wanne. Mara 120 ni 480. Picha ni ile ile, njia ni ile ile, na majibu mawili yamepishana mara kumi na tatu.

Macho yetu huvutwa na mahali penye ndege wengi. Ukimwachia mtu achague kipande "cha kawaida", mara nyingi atachukua kilichojaa, kwa sababu kilichojaa ndicho kinachoonekana kuwa kundi hasa. Pembeni mwa kundi, wanakotawanyika wawili watatu na maji matupu katikati, huwa panasahaulika wakati wa kuhesabu, kisha panaingizwa wakati wa kuzidisha. Hapo ndipo namba inapovimba.

Lakini kwenye picha ile kulikuwa na sababu ya pili, na hii ndiyo wageni wengi hawaioni. Mraba wangu wa ndege 52 ulikuwa nyuma kabisa ya kundi, upande wa mbali. Picha iliyopigwa kutoka kando, si kutoka juu moja kwa moja, huyakusanya ya mbali. Mraba wa pikseli 250 mbele unafunika eneo dogo la maji, na nyuma unafunika eneo kubwa mara nyingi zaidi. Heroe wa mbele alikuwa mkubwa kiasi kwamba wachache tu wangeujaza mraba. Wa nyuma alikuwa kama punje ya mchele. Kwa hiyo msongamano unaouona kwenye picha ni mchanganyiko wa jinsi ndege walivyosimama na umbali wao kutoka kwako.

Wapo wanaojaribu kulitatua hili kwa kukisia mita za mraba. Sikushauri. Huna kipimo cha kuaminika ndani ya maji, na hukihitaji. Bakia kwenye miraba ya picha, lakini igawe picha kwa kanda zinazolala sambamba na ukingo: mbele, kati na nyuma. Ndani ya ukanda mmoja ndege wanakuwa na ukubwa unaokaribiana, na idadi kwa kila mraba haipishani sana. Mimi nilipata miraba 40 mbele, 50 katikati na 30 nyuma.

Kisha miraba ya kuhesabu ichaguliwe kwa bahati nasibu, si kwa jicho. Ipe miraba ya kila ukanda namba, halafu andika vikaratasi na uvichanganye kwenye kofia, au tumia lahajedwali. Kwa ukanda wa nyuma wenye miraba 30:

```
=RANDBETWEEN(1,30)
```

Namba ikijirudia, ichote nyingine. Ukiangukia mraba usio na ndege hata mmoja, andika sifuri na uendelee. Usiubadilishe. Mraba huo umo ndani ya ile 120, kwa hiyo una haki ya kuhesabiwa kama mingine.

Nilichota mitano kwa kila ukanda. Nyuma nilipata 44, 39, 47, 41 na 49, wastani 44. Mara miraba 30 ni 1,320. Katikati nilipata 21, 17, 25, 19 na 23, wastani 21. Mara 50 ni 1,050. Mbele nilipata 6, 3, 0, 8 na 3, wastani 4. Mara 40 ni 160. Jumla ni 2,530. Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa.

Baadaye nilikaa jioni mbili nikahesabu ndege wote wa picha ile, mmoja mmoja, nikiweka alama kwa zana ya `Multi-point` ya ImageJ ili nisimrudie yeyote. Walikuwa 2,417. Nakusihi nawe ufanye hivyo angalau kwa picha yako ya kwanza. Hakuna njia nyingine ya kujua kama mkono wako unaelekea kuzidisha au kupunguza.

Kwenye kuhesabu mraba wenyewe, amua mapema unahesabu nini na uandike. Heroe anapokula huinamisha kichwa hadi mdomo uzame majini ukiwa umepinduka, hivyo ukihesabu vichwa utawakosa wengi. Mimi nahesabu miili. Ndege aliyekatwa na mstari wa juu au wa kushoto wa mraba namhesabu, aliyekatwa na wa chini au wa kulia simhesabu. Bila kanuni hiyo ndege mmoja anaingia kwenye miraba miwili, na katika miraba midogo walio kwenye mistari si wachache. Kuza picha pia, uwatafute wachanga. Hao hawana uwaridi, wana rangi ya kijivu na hudhurungi inayofanana na matope, na kwa haraka utadhani ni kivuli cha jirani. Kama wamo heroe wakubwa, warefu na weupe zaidi, wenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi, watenge. Heroe mdogo mdomo wake ni wa damu ya mzee, na kwa mbali unaonekana mweusi wote.

Sasa, 2,530 peke yake haitoshi. Msomaji wa rekodi yako anataka kujua namba hiyo inaweza kupotoka kwa kiasi gani. Chukua ukanda wa nyuma. Tofauti za kila mraba na wastani wa 44 ni 0, 5, 3, 3 na 5. Zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe: 68. Gawanya kwa 4, yaani miraba uliyohesabu ukitoa mmoja, upate 17. Gawanya tena kwa 5, miraba yenyewe, upate 3.4. Zidisha kwa 30 mara 30, upate 3,060. Fanya hivyo hivyo katikati, itakuja 5,000, na mbele, 3,040. Jumla ni 11,100, na kipeuo chake cha pili ni kama 105. Chukua mara mbili yake, 210. Kwa hiyo idadi iko takriban kati ya 2,320 na 2,740. Hesabu yangu kamili ya 2,417 iliangukia humo.

Tazama tena zile namba tatu. Mimi nilidhani wasiwasi mkubwa ungetoka nyuma, walikobanana. Kumbe karibu nusu yake ilitoka katikati, kwa sababu miraba ya huko ni mingi, na kosa dogo kwa kila mmoja linazidishwa mara 50. Ukiwa na muda wa kuhesabu miraba mitano zaidi, ichote katikati. Ikitawanyika kama ile ya kwanza, 210 itashuka hadi karibu 185. Si punguzo kubwa, na hiyo inakuonyesha mahali pa kuacha.

Lipo kosa moja ambalo hesabu hii yote hailioni: ndege waliojificha nyuma ya wenzao. Asubuhi ile ile, dakika chache baadaye, niliteremka hadi karibu na maji nikapiga kundi lile lile kutoka chini. Walikuwa wanakula kwa utulivu na hakuna aliyeruka. Kutoka juu, ukanda wa nyuma ulikuwa na ndege 1,262 kwa hesabu kamili. Kutoka chini niliweza kuwaona 860 tu. Karibu mmoja katika kila watatu alipotea, na ungechota miraba hata hamsini usingempata, maana kwenye picha hayupo.

Dalili yake unaweza kuiona kabla hujaanza kuhesabu. Kuza ukanda wa nyuma uangalie kama unaona maji kati ya mwili na mwili, na kama miguu inaonekana. Ukiona utepe wa waridi usio na nafasi, ujue wanazibana. Hapo hesabu yako ni kiwango cha chini, na uiandike hivyo: "si chini ya". Usichukue ile moja kwa tatu yangu ukaipachika kwenye kundi lako, kwa sababu inategemea urefu wa mahali uliposimama, umbali, na jinsi ndege walivyobanana siku hiyo. Tafuta mwinuko, upige tena.

Kundi lisipoingia kwenye picha moja, piga kadhaa kwa haraka, kila moja ikichukua theluthi ya iliyotangulia. Kisha chagua jiwe, kisiki au ndege aliyejitenga anayeonekana kwenye picha zote mbili, ukate hapo. Wakishaanza kutembea, mkato hauaminiki tena, anza upya.

Hivi ndivyo ile picha ilivyoingia kwenye daftari langu mwishowe: Momela, heroe wadogo, picha 1 kutoka mwinuko, miraba 120 katika kanda 3, iliyohesabiwa 15 kwa bahati nasibu, miili, makadirio 2,530, kati ya 2,320 na 2,740, ukanda wa nyuma maji yanaonekana kati ya ndege.