Kupima kapsheni mbili kwa bajeti ndogo: namba zinasema nini na hazisemi nini

*Swali: "Wakuu, nimelipia tangazo moja la Facebook kwa kapsheni mbili tofauti. A imefikia watu 4,000 ikapata mibofyo 48, B imefikia 4,000 ikapata 64. B imeizidi A kwa theluthi nzima. Niweke hela yote kwenye B? Na hela yangu ni ndogo, nitapimaje vizuri siku nyingine?"*

Mkuu, usihamishe hela bado. Kwa namba hizo B haijashinda, japo theluthi inaonekana kubwa. Chukua kalkuleta ufanye hesabu hii, ambayo inafaa pale kapsheni zote mbili zilipofikia idadi ya watu inayokaribiana na wanaobofya ni wachache kati ya wanaoona:

```
(B - A) / √(A + B)
```

Tofauti ya mibofyo ni 16 na jumla yake ni 112. Kipeuo cha pili cha 112 ni kama 10.6, na 16 ukiigawa kwa 10.6 unapata 1.5. Mstari wa kawaida wa kusema "hii si bahati tu" ni 2. Kwa 1.5 maana yake ni kwamba hata kama kapsheni zako zingekuwa na nguvu sawa kabisa, pengo la ukubwa huo au zaidi, kwa upande wowote ule, lingejitokeza lenyewe takriban mara 13 katika kila majaribio 100. Huo ni uwezekano mkubwa mno kwa mtu anayetaka kuweka bajeti yote upande mmoja.

Kinachokudanganya hapo ni asilimia. Asilimia 33 inasikika nzito, lakini imejengwa juu ya watu 16 tu. Kwa hiyo soma idadi ya watu kwanza, asilimia baadaye.

Sasa kuhusu bajeti ndogo, na hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Idadi ya watu unaohitaji kuwafikia inategemea ukubwa wa tofauti unayoitafuta. Tuseme kapsheni yako ya kawaida inabofywa na watu 12 katika kila 1,000. Ukitaka kugundua kwa uhakika wa kuridhisha kwamba nyingine inaleta 16, unahitaji watu kama 13,500 kwa kila kapsheni. Ukitafuta inayoleta 24, yaani mara mbili, watu kama 2,000 kila upande wanatosha. Angalia matangazo yako ya zamani uone kufikia watu 1,000 kulikugharimu kiasi gani. Jaribio la pili litakula mara nne ya kiasi hicho, la kwanza mara ishirini na saba.

Kwa hiyo mwenye hela ndogo asipoteze muda kupima vitu vidogo. Tuseme unatangaza darasa la kushona. "Darasa linaanza mwezi ujao, nafasi zipo" dhidi ya "Darasa linaanza mwezi ujao, wahi nafasi yako!" ni kapsheni ile ile iliyobadilishwa mkia, na hutaweza kuiona tofauti yake hata kama ipo. Weka ya kwanza dhidi ya "Wiki ya kwanza ikiisha utakuwa umekata na kushona sketi yako mwenyewe, hata kama hujawahi kukalia cherehani." Hapo moja inataja tarehe, nyingine inataja matokeo na kumwondolea msomaji woga. Tofauti ya aina hiyo ndiyo inayoweza kuleta mara mbili. Lakini picha, kitufe, linki, walengwa na siku viwe vile vile pande zote. Ukibadilisha kapsheni na picha kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

Namna ya kulirusha: usiweke kapsheni zote mbili kama matangazo mawili ndani ya `Ad set` moja. Mfumo haugawi sawa. Unaegemea mapema lile lililoanza vizuri, na mara nyingi utakuta moja limefikia watu 6,000 na jingine 2,000. Mgawanyo ukiwa hivyo, hesabu ya hapo juu haifai, na hata asilimia hazilinganishiki vizuri kwa sababu walioonyeshwa si watu wa aina moja. Usilipie pia posti mbili kila moja kivyake, maana mtu yule yule anaweza kuona zote. Na usirushe A wiki hii na B wiki ijayo, kwa kuwa wiki hazifanani.

Tumia kitufe cha `A/B test` kilichomo ndani ya Ads Manager. Kinagawa walengwa kwa bahati nasibu ili kila mtu awe upande mmoja tu, na bajeti unaigawa nusu kwa nusu. Kumbuka tu kwamba ndani ya kila nusu mfumo bado unachagua nani aone tangazo, kwa hiyo unachopima ni kapsheni pamoja na watu ambao mfumo umeitafutia. Acha liende wiki nzima, kwa sababu Jumatatu na Jumamosi watu hawabofyi sawa.

Wakati wa kusoma, safu mbili ndizo za kuangalia: `Reach` na `Unique link clicks`. Usitumie `Clicks (all)`. Ile inajumlisha hata waliopenda, waliotoa maoni na waliogusa jina la ukurasa, na kapsheni inayochokoza ubishi itaonekana bingwa bila kumpeleka mtu kwenye linki. Pembeni andika idadi ya waliotuma ujumbe au kujisajili kutoka kila upande. Namba hizo zitakuwa chache mno kuamua mshindi, lakini B ikileta mibofyo mara mbili huku waliojisajili wakiwa wachache kuliko wa A, inawezekana kapsheni inaahidi kitu ambacho ukurasa hautoi. Simama uikague kabla ya kuiongezea hela.

Kosa linalowanasa wengi ni kuchungulia kila siku na kusimamisha jaribio pale kapsheni wanayoipenda inapoongoza. Ule mstari wa 2 una nafasi ya kukudanganya mara 5 katika 100 iwapo unaangalia mara moja tu, mwishoni. Ukiangalia mara tano njiani, ukiwa tayari kusimama popote ulipovukwa, nafasi hiyo inapanda hadi karibu 14. Andika kabla ya kuanza: nitasimama siku ya saba, nitatumia safu fulani, nahitaji 2 au zaidi. Ukifungua katikati, iwe ni kuhakikisha linki inafanya kazi na hela inagawanyika sawa, basi.

Ndugu yake kosa hilo ni kuchambua matokeo kwa umri, jinsia na aina ya simu baada ya kukosa mshindi. Ukikata makundi kumi ambayo kwa kweli hayana tofauti yoyote, kuna uwezekano wa kama asilimia 40 kwamba angalau moja litavuka mstari kwa bahati. Kundi likikuvutia, lipime upya peke yake.

Hata ukipata 2.5, usitegemee pengo lile lile kwenye tangazo kubwa. Mshindi wa jaribio dogo huwa amebebwa na bahati kidogo, kwa hiyo panga bajeti ukitarajia pengo dogo kuliko uliloliona.

Kwa hizi ulizonazo, chukulia ni sare. Endelea na B ukipenda, haikudhuru kitu, ila usiiandike kwenye daftari lako kuwa imeshinda. Hela ya jaribio linalofuata ipeleke kwenye kapsheni ya tatu yenye hoja tofauti kabisa, ipambane na B, watu 2,000 kila upande.