Kikomo cha malipo kwenye mkeka mrefu

"Nipo Dodoma. Nimeweka mechi 17, kila moja odi 2.00, dau 1,000, lakini simu inaonyesha malipo ya 50,000,000 tu. Nyingine zimeenda wapi?"

Ndugu yangu, odi 2.00 za mechi zote 17 zikizidishwa pamoja ni 131,072, hivyo bila kikomo malipo yangekuwa 131,072,000. Kilichokukata ni kikomo cha malipo, ambacho huandikwa ndani kabisa ya vigezo na masharti.

Mechi 15 zingelipa 32,768,000. Ya 16 inafikisha 65,536,000, ambazo tayari zinakatwa kuwa 50,000,000, na ya 17 inapunguza nafasi yako ya kushinda kwa nusu bila kukuongezea hata senti moja. Odi unayolipwa kweli ni 50,000, ilhali hatari unayobeba ni ya 131,072, na hilo naliona si haki kwa mchezaji asiyeambiwa mapema.

Ukishaona hivyo, ondoa mechi ya 17, au punguza dau, kwa kuwa shilingi 381 zingeleta karibu malipo yaleyale iwapo kampuni inapokea dau dogo kiasi hicho. Hata hivyo, soma kama kuna kikomo cha odi yenyewe: kikiwa 50,000, kupunguza dau hakusaidii, kwa sababu malipo hushuka pamoja nalo. Kurudia mkeka uleule mara mbili nako kunaweza kuhesabiwa kuwa mkeka mmoja.

Kampuni ikikata malipo kwa kikomo kisichokuwemo kwenye masharti, hifadhi picha ya mkeka na upeleke malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na kama dau linatoka kwenye fedha za chakula, acha kwanza, umwone mshauri nasaha.