Hedhi siku 13 na mabonge, nina miaka 48, nisubiri?

"Wamama wenzangu, miezi mitatu sasa siku zangu zinakuja na kuondoka zinavyotaka, hii ya sasa ni siku ya 13 na mabonge juu. Ultrasaundi imeonyesha kauvimbe kadogo. Dada yangu anasema ndo kukoma huko, nitulie. Kweli nitulie?"

Hapana mdogo wangu, usitulie. Mimi nilitulia miezi mitano na nikaja kujuta.

Nilikuwa na 46. Ilianza kwa kuruka, miezi miwili kimya nikasema haya, uzee umebisha hodi, halafu ikaja moja haikatiki, siku 19, pedi mbili kwa pamoja na kanga chini usiku, mabonge kama limao. Kupanda ngazi za kanisani napumzika mara mbili. Nikaenda, ultrasaundi ikaonyesha fibroidi ya sentimita 2, nikaambiwa ndo mchawi mwenyewe huyo, nikapewa vidonge vya kukata damu nikarudi home. Ikakata, mwezi uliofuata ikarudi vilevile.

Daktari wa pili, mama mmoja mtu mzima wa kina mama, alisoma karatasi ileile akauliza, kauvimbe kako wapi? Kumbe kalikuwa ukutani kwa nje ya kizazi. Akanieleza kwamba fibroidi za umri wetu ni kama mvi, wengi tunazo, inayomwaga damu hasa ni ile iliyotokeza ndani kwenye uwazi wa kizazi, au ile kubwa inayoupanua huo uwazi. Ya nje na ndogo hivyo mara nyingi inasingiziwa tu.

Shida yangu ilikuwa kwingine. Tukikaribia kukoma kuna miezi yai halitoki, na yai lisipotoka ile homoni ya progesteroni haitengenezwi, sasa estrojeni inabaki peke yake inaotesha utando wa ndani ya kizazi bila wa kuisimamisha. Utando unanenepa wiki kwa wiki (ndo ile miezi ya kimya unafurahi) halafu unaanza kubomoka vipande vipande, leo hapa kesho pale, ndo maana haikatiki. Na mimi nilikuwa na kilo 94, mafuta ya mwili nayo yanatengeneza estrojeni, kwahiyo nilikuwa naongezea petroli.

Ndo akasema ukishavuka 45 na damu imebadilika hivi, ultrasaundi peke yake haitoshi, lazima kichukuliwe kipande cha huo utando kikapimwe maabara. Mtu ambaye bado anapata hedhi unene wa utando unapanda na kushuka kila wiki, picha haiwezi kukwambia seli ni nzima au zimeanza kuharibika. Wanaingiza kamrija kembamba ka plastiki, wananyonya kidogo. Dakika chache, tumbo linakata kama siku ya kwanza ya hedhi, mimi nilimeza ibuprofeni saa moja kabla. Kabla ya hapo nilipima mimba (nikacheka, akasema usicheke, anaziona), wingi wa damu ukawa 7.4, na akaangalia mlango wa kizazi kwa macho maana saratani ya pale nayo inaanzaga na damu ovyo, hasa ukitoka damu baada ya tendo.

Majibu wiki mbili, roho juu. Utando umenenepa kupita kiasi lakini seli hazijageuka. Aina hiyo wanaoishia kwenye saratani ni chini ya 5 kwa kila 100 ndani ya miaka 20, ila ukiiacha hivihivi inaendelea kukumwaga damu. Zingekuwa zimegeuka tungekuwa tunaongelea kutoa kizazi. Nikawekewa kitanzi chenye homoni (sio kile cha shaba jamani, cha shaba kinaongeza damu), miezi ya mwanzo ni matone matone ya kero, baadae damu ikakauka kabisa. Kipande kikachukuliwa tena baada ya miezi 6, safi. Vidonge vya madini ya chuma nilimeza miezi minne, na chungwa, sio na chai, chai inavizuia.

Ile dawa ya kukata damu, traneksamiki, sio mbaya, inapunguza kweli, unameza zile siku za kumwaga tu, ila aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu asiiguse kabla ya kuongea na daktari. Ila kukata sio kujua chanzo.

Wewe siku 13 na mabonge, nenda wiki hii. Ikifika pedi inajaa kila saa kwa masaa mawili, au kizunguzungu, moyo unadunda ukiwa umekaa, hiyo ni usiku huohuo, usingoje kliniki. Na dada yako mwambie kukoma ni mwaka mzima bila tone, na hata akishakoma tone likirudi naye anaenda kupimwa.

Kile kikaratasi cha ultrasaundi kimeandika kauvimbe kako ndani, katikati ya ukuta au nje? Na unameza dawa zozote, za kuyeyusha damu au za homoni? Tuandikie hapa.