"Achha" ya Kihindi siyo "nzuri" kila mahali

Swali: "Natafsiri maneno ya chini ya sinema za Kihindi kwa Kiswahili. Kamusi inasema achha ni nzuri, lakini nikiweka nzuri kila sehemu mazungumzo yanaharibika. Niandike nini?"

Jibu: Kamusi haijakudanganya, ila imekupa kazi moja tu ya hilo neno. Kwanza tenganisha achha ambayo ni sifa na achha ya kuitikia. Ile ya sifa inakaa na nomino au na "hai", na inabadilika kufuata jinsia na idadi: achha khana (chakula kizuri), achhi chai (chai nzuri, maana kwa Kihindi chai ni ya kike), achhe log (watu wazuri). Ukisikia achhi au achhe basi andika nzuri, njema, safi, kulingana na sentensi. Humo humo kuna "mujhe achha lagta hai", hiyo kwetu ni napenda tu au inanifurahisha, usiihangaikie.

Shida yako ni hii ya pili, inayosimama peke yake mwanzoni mwa maneno au ndo jibu zima. Hii haibadiliki kabisa, hata anayesema awe mwanamke, na maana yake inatoka sehemu mbili: mwenzake kasema nini kabla, na sauti imeenda wapi. Mi huwa naanza na kilichosemwa kabla. Kama ni agizo au ombi, mfano mama kamwambia mtoto funga mlango, achha ya sauti ya kushuka ni sawa au haya, na akiongeza adabu atasema "ji achha", yaani sawa mama. Kama ni habari, achha inasema nimesikia, haisemi nimekubali. Hapa ndo watafsiri wengi wanateleza. Mfanyakazi anamwambia bosi "kal main nahin aaunga", kesho sitakuja, bosi anajibu "achha..." halafu ananyamaza, ukiandika "sawa" umeshampa mfanyakazi ruhusa ambayo bosi hajatoa, angetaka kutoa angesema "theek hai". Andika "enhe" au "ahaa" uiache ining'inie kama alivyoiacha yeye.

Sasa chukua simu, maana kwenye simu ndo utazisikia zote. Dada anaongea na ndugu yake, sisi tunamsikia yeye tu:

"Haan, bolo. Achha... achha... Achha? Kab? ... Achhaaa! Isiliye phone nahin uthaya. Achha, suno, maa ko mat batana."

Mimi ningeandika hivi:

"Ee, sema. Ehee... ehee... Wee! Lini? ... Aaa, kumbe! Ndo maana hakupokea simu. Haya sikia, mama usimwambie."

Mbili za kwanza ni fupi na za chini, anamwonyesha mwenzake kwamba yupo anasikiliza, na kama skrini imejaa unaweza kuziruka. Ya tatu sauti inapanda mwishoni, ni mshangao unaouliza, kweli? Ya nne inavutwa halafu inashuka, kitu kimemwingia akilini, na hapo Kiswahili kina kumbe ambayo inaifaa kabisa. Ya mwisho haijibu chochote, inafungua jambo jipya, haya inatosha. Nzuri haijaingia hata mara moja. Na fikiria ile ya tatu kama habari yenyewe ni msiba, mtu kaambiwa baba wa rafiki yake kafariki, kajibu "Achha? Kab?", halafu chini ya picha pameandikwa "Nzuri? Lini?" Hilo ni kosa la kumuumiza mtazamaji.

Angalia pia ile ya kuvuta inayopanda badala ya kushuka, hasa ikifuatwa na ji kati ya watu wa rika moja: "achhaaa ji?" Huyo haamini au anachokoza, andika "eti ee?" au "ndo hivyo ee?" Lakini "achha ji" ya kushuka kwa mzee ni heshima, kwa hiyo sikiliza sauti kwanza, usitafsiri kwa kusoma maandishi tu.

Na tafadhali usiliache neno lenyewe likiandikwa "acha". Msomaji wetu ataona acha ya kukataza, au acha ya "acha wee!", na kwa vile hii ya pili nayo ni ya mshangao atadhani ni neno letu. La Kihindi a ya kwanza ni fupi imefifia, ch inakazwa na kutoka na pumzi, a ya mwisho ni ndefu. Ukilazimika kuliacha, mfano mhusika anaongea Kiswahili halafu anachomekea, andika achha.