Kukosa kwa lazima, kwa ujazo au kwa mgongano: pima kwa kache ya pili

Ninapofundisha muundo wa kompyuta, huona wanafunzi wengi wakiamua aina ya kukosa, yaani kutoikuta katika kache bloku inayotakiwa, kwa kutazama ni bloku gani iliyoiondoa nyingine. Njia hiyo hupotosha. Mgawanyo huu wa aina tatu, ambao Mark Hill aliueleza mwaka 1987, hupimwa kwa kache ya pili ya kufikirika: ina ukubwa uleule, bloku yoyote hukaa popote, na inapojaa huondolewa bloku iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa.

Tuchukue kache ya baiti 64 yenye nafasi nne za bloku za baiti 16, ambamo kila bloku ina nafasi moja tu: baki la nambari yake ikigawanywa kwa 4. Anwani zinazosomwa ni hizi, na chini yake ni bloku zake:

```
0x00 0x40 0x04 0x10 0x20 0x30 0x48 0x08 0x1C
  0    4    0    1    2    3    4    0    1
```

Andika bloku kabla ya jambo lolote, kwa sababu 0x04 ni anwani mpya lakini bloku 0 imekwisha kuonekana. Kwa hiyo kuikosa hapo si kukosa kwa lazima. Kukosa kwa lazima ni kule kwa mara ya kwanza kwa bloku 0, 4, 1, 2 na 3 pekee.

Katika usomaji wa tatu, bloku 0 inakosekana kwa kuwa bloku 4 imeichukulia nafasi. Kache ya pili ingekuwa bado inayo, hivyo huu ni mgongano. Usomaji wa saba ndio unaohitaji uangalifu. Bloku 4 iliondolewa na bloku 0, na macho yanashawishika kusema mgongano tena. Lakini tangu isomwe mara ya mwisho zimepita bloku nne tofauti, yaani 0, 1, 2 na 3, na kache ya pili nayo ingekuwa imeiondoa. Hilo ni suala la ujazo, na ndivyo ilivyo kwa bloku 0 inayofuata.

Usomaji wa tisa una jambo ninalolipenda sana: kache yetu inaipata bloku 1, ilhali ile ya pili inaikosa. Kila kache basi imekosa mara nane, na anayetoa jumla moja kwa nyingine atapata migongano sifuri, ingawa tumeuona mmoja kwa macho yetu. Kwa mfululizo mfupi, ainisha usomaji mmoja mmoja, na ueleze kwamba umehesabu hivyo. Ukiigawa kache hiyohiyo katika seti mbili, yaani makundi ya nafasi mbili mbili, seti ya bloku ikiwa baki la nambari yake ikigawanywa kwa 2, ukaondoa kwa kanuni ileile ndani ya seti, kukosa kunashuka hadi saba: mgongano wa usomaji wa tatu unatoweka, na bloku 1 bado inapatikana mwishoni.